Uchungu wa Kahawa Huzaliwa Kikaangoni

Ukimuuliza mnywaji kahawa uchungu wa kikombe chake unatoka wapi, atakujibu: kafeini. Jibu hilo lina ukweli, ila ni mdogo. Thomas Hofmann, mwanakemia wa Ujerumani aliyeongoza utafiti wa ladha ya kahawa mjini Munich, alieleza mwaka 2007 kwamba kafeini huchangia takriban asilimia 15 tu ya uchungu tunaouonja. Ndiyo maana hata kahawa iliyoondolewa kafeini bado ni chungu. Sehemu kubwa ya uchungu haitoki shambani. Inatengenezwa na moto, na malighafi yake ni asidi za klorojeni.

Asidi hizi zimo kwa wingi katika buni mbichi. Ile kuu ni muungano wa asidi mbili: asidi ya kwiniki na asidi ya kafeiki, ambayo licha ya jina lake si kafeini wala haichangamshi mtu. Katika arabika, kama ile ya miteremko ya Kilimanjaro au Nyeri, asidi za klorojeni huwa kama asilimia 5 hadi 8 ya uzito wa buni kavu. Robusta, kama ya Kagera, kwa kawaida huwa nazo zaidi, na kafeini yake ni karibu maradufu. Hapo tayari robusta imejiwekea akiba ya uchungu.

Sasa tuifuate arabika gramu 100, yenye asidi za klorojeni gramu 6 hivi, ikiwa kikaangoni. Kwanza maji yanakauka, kijani kinageuka manjano, na harufu ya majani inaanza kufanana na ya mkate. Joto la punje likikaribia nyuzi 200 za Selsiasi, buni inapasuka kwa sauti kama bisi. Mkaangaji akiepua muda mfupi baada ya hapo, amepata kahawa ya kukaangwa kidogo. Karibu nusu ya asidi za klorojeni zimeshabadilika, lakini asidi ya sitriki, ile ile ya limau, na asidi ya maliki, ya tofaa, bado zipo kwa kiasi kizuri. Hizo ndizo zinazoupa ulimi ule uchachu mwepesi wa kahawa nzuri ya Kenya.

Na zile zilizobadilika zimekwenda wapi? Baadhi zimepoteza maji na kuwa laktoni. Laktoni ni chungu, ila uchungu wake ni mpole; unapita ulimini na kuondoka. Huongezeka mpaka kahawa inapofikia ukaangaji wa kati, kisha huanza kupungua.

Kupungua huko si habari njema kwa asiyependa uchungu. Moto ukiendelea, mpasuko wa pili husikika karibu na nyuzi 225, safari hii kwa sauti nyembamba na ya haraka. Laktoni na mabaki ya asidi ya kafeiki huvunjika, na vipande vyake hujiunga upya kuwa fenilindani. Huu ni uchungu mwingine kabisa: mkali, unaokwaruza, unaong'ang'ania nyuma ya ulimi hata baada ya kumeza. Wakati huo huo sitriki na maliki zimepungua sana, na sukari ya asili ya buni imekwisha kuungua. Asidi za klorojeni zenyewe huenda zimebaki chini ya gramu moja. Kwa hiyo kilichounda uchungu huo ni kuvunjika kwa asidi hizo, si wingi wake.

Wapwani hawakuhitaji maabara kulitambua hili. Kahawa chungu ya Mombasa na Unguja hukaangwa hadi iwe nyeusi, ikachemshwa kwenye dele, ikanywewa kwa vikombe vidogo pamoja na kashata au haluwa. Utamu ule una kazi yake. Kwingine Uarabuni, hasa Saudia, buni hukaangwa kidogo tu, ikatiwa iliki, na kikombe hutoka na rangi ya dhahabu. Mti ni mmoja, moto ndio tofauti.

Uchachu nao si wote wa kusifiwa. Kahawa iliyoepuliwa mapema mno hunukia nyasi, na punje yake ni ngumu kusaga. Kahawa iliyokaa saa nyingi kwenye chupa ya chai huchacha kwa sababu nyingine: katika maji ya moto laktoni hurudi kuwa asidi. Hiyo imwage tu.

Ukienda kununua buni iliyokaangwa, itazame kabla ya kuinusa. Punje kavu ya rangi ya mdalasini ina uchachu. Iliyo nyeusi na inayong'aa kwa mafuta imepita mpasuko wa pili, na kuongeza maji hakutabadilisha aina ya uchungu wake. Utapata kahawa nyepesi, yenye uchungu uliofifia pamoja na ladha nyingine zote. Kama hupendi ladha hiyo, mwombe muuzaji akukaangie kidogo zaidi badala ya kuongeza sukari.