Uliomba milioni 42, umelipwa 22: namna ya kuisoma barua ya bima

Barua ya kampuni ya bima huanza kwa pole. Aya ya pili husema madai yamepitiwa, kisha linafuata jedwali, na chini ya jedwali kuna kiasi kimoja kilichokolezwa wino. Wengi huruka moja kwa moja hadi kwenye kiasi hicho. Wakikuta ni nusu ya walichoomba, huiweka barua chini na kusema wameibiwa. Mara chache ni kweli. Mara nyingi barua hiyo ina majibu manne au matano tofauti yaliyowekwa kwenye karatasi moja, na kila jibu lina sababu yake. Kuna la kupinga na kuna la kukubali, na huwezi kujua lipi ni lipi mpaka usome mstari kwa mstari.

Tuchukue mfano wa duka la vitenge katika mji wowote wa Tanzania. Shoti ya umeme inawasha moto usiku, zimamoto wanafika, na theluthi moja hivi ya mali inateketea au kuharibika kwa maji na moshi. Mwenye duka alikuwa na bima ya moto: milioni 60 kwa bidhaa, na kiasi kingine kwa samani na vifaa. Anadai shilingi 42,500,000. Mkadiriaji hasara anakuja, anahesabu, anaandika ripoti, na baadaye barua inatoka hivi:

Bidhaa: zimedaiwa 30,000,000, zimelipwa 18,000,000.
Ukarabati wa rafu na kaunta: umedaiwa 3,200,000, umelipwa 3,200,000.
Kuondoa kifusi: imedaiwa 800,000, imelipwa 800,000.
Kiyoyozi: kimedaiwa 2,000,000, kimelipwa 1,200,000.
Fedha taslimu: zimedaiwa 1,500,000, hazikulipwa.
Vitambaa vya wateja: vimedaiwa 1,000,000, havikulipwa.
Mapato ya wiki sita za kufunga duka: yamedaiwa 4,000,000, hayakulipwa.
Jumla: 23,200,000. Ikitolewa sehemu anayoibeba mwenye bima, asilimia 5, yaani 1,160,000, malipo ni 22,040,000.

Yaliyolipwa yote

Anzia hapa, maana mistari hii inakuonyesha kampuni inafikiri vipi. Rafu na kaunta zililipwa zote kwa sababu mwenye duka hakuomba mpya. Alileta ankara ya fundi seremala ya kubadilisha mbao zilizoungua na vioo vilivyopasuka. Bima ya mali hukusudia kumrudisha mtu pale alipokuwa dakika moja kabla ya moto, bila kumwacha chini ya hapo wala kumpandisha juu. Ukarabati humrudisha palepale, kwa hiyo hakukuwa na cha kukata. Kifusi nacho kililipwa kwa sababu mkataba ulikitaja waziwazi na kukiwekea kikomo cha milioni 1, na gharama haikufika huko.

Yaliyopunguzwa

Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyokigusa kiyoyozi. Kilinunuliwa miaka minne iliyopita, na mwenye duka alidai bei ya kipya. Mkadiriaji alikipa maisha ya miaka kumi, akatoa uchakavu wa asilimia 40, akabaki na 1,200,000. Hapa kuna maswali mawili ya kuuliza. La kwanza: mkataba unasema mali italipwa kwa thamani ya siku ya hasara, au kwa bei ya kununua nyingine mpya? Kama ni ya pili, uchakavu haukupaswa kukatwa. La pili: maisha ya miaka kumi yametoka wapi? Hayo ni makadirio, na makadirio hujadiliwa.

Mstari wa bidhaa ndio mzito, nao ulikatwa mara mbili ingawa jedwali linaonyesha mara moja tu. Mwenye duka alihesabu majora yaliyoungua kwa bei ya kuuzia, akapata milioni 30. Kampuni ilihesabu kwa bei ya kununulia, ikapata milioni 24. Milioni 6 zilizotoka hapo ni faida ambayo ilikuwa bado haijaingia mfukoni. Bima ya moto ya kawaida haiilipi, kwa sababu milioni 24 zinatosha kununua tena majora yaleyale.

Kisha ikaja kanuni ya wastani, ambayo ndiyo huwashangaza watu kuliko zote. Mkadiriaji aligundua kwamba usiku ule dukani kulikuwa na bidhaa za milioni 80, ilhali bima ilikatwa ya milioni 60. Yaani robo ya mali haikuwa na bima. Kanuni inasema basi kwamba kwa robo hiyo mwenye duka ni mtoa bima wake mwenyewe, na katika kila hasara, iwe kubwa au ndogo, atabeba robo. Hesabu yake ni nyepesi: 24,000,000 × 60 ÷ 80 = 18,000,000.

Kauli tunayoisikia hapa ni hii: “Mimi nimekata bima ya milioni 60, na hasara ni milioni 24 tu. Mbona haijafika hata nusu ya bima yangu?” Kosa liko katika kuidhani ile milioni 60 kuwa akiba ambayo mtu huchota mpaka iishe. Ada aliyolipa ilipigwa kwa mali ya milioni 60. Moto haukuchagua kuchoma majora yaliyolipiwa ada na kuyaacha mengine.

Unavyoweza kuikagua ile milioni 80

Kiasi cha 80 ndicho kilichokata milioni 6, kwa hiyo ndicho cha kukaguliwa kwanza. Omba ripoti ya mkadiriaji, au angalau ukurasa wa hesabu ya bidhaa. Utakuta njia ifuatayo: bidhaa zilizokuwepo mwanzo wa mwaka, milioni 50, jumlisha manunuzi tangu hapo, milioni 90, toa mauzo. Mauzo yalikuwa milioni 75 kwa bei ya kuuzia, na kwa kuwa gharama ya kununua ni asilimia 80 ya bei hiyo, yanageuzwa kuwa milioni 60. Hivyo 50 + 90 − 60 = 80.

Hesabu hii huharibika sehemu mbili. Ya kwanza ni manunuzi. Mfanyabiashara akimkabidhi mkadiriaji bahasha nzima ya makaratasi, ankara kifani na ankara halisi ya mzigo uleule huweza kuhesabiwa zote mbili. Ya pili ni mauzo ambayo hayakuandikwa. Kila jora lililouzwa bila risiti bado liko dukani kwa mujibu wa daftari, na linaifanya mali ionekane kubwa kuliko ilivyokuwa.

Kuna njia ya kulinasa kosa la namna hiyo. Bidhaa zilizosalimika zilihesabiwa siku ya pili baada ya moto. Zilizoungua na zilizosalimika zikijumlishwa lazima zilingane na daftari. Kama zilizoungua ni za milioni 24 na zilizosalimika ni za milioni 56, jumla ni 80 na hesabu imesimama. Lakini tuseme orodha ya zilizosalimika inaonyesha milioni 46. Jumla ni 70, daftari linasema 80, na mahali fulani kuna milioni 10 za karatasi tu. Ikithibitika hivyo, malipo ya bidhaa yanakuwa 24,000,000 × 60 ÷ 70, karibu 20,571,000. Hiyo ni zaidi ya milioni mbili na nusu juu ya yale ya barua. Pingamizi la namna hiyo, lenye orodha na ankara mkononi, kampuni haiwezi kulijibu kwa pole.

Yaliyotolewa kabisa

Mistari mitatu ya mwisho ni ya aina nyingine. Hapa hakuna hesabu ya kukagua, kuna maneno ya mkataba. Bima ya moto ya duka kwa kawaida haihusishi fedha taslimu. Hizo zina bima yake. Vitambaa vya wateja vilivyoachwa dukani kusubiri fundi si mali ya mwenye duka, na haviingii mpaka mkataba utaje mali ya watu wengine iliyo chini ya uangalizi wake. Mapato ya wiki sita nayo huhitaji bima ya kusimama kwa biashara, ambayo huuzwa kama nyongeza.

Kazi yako katika mistari hii ni moja: barua ikisema kitu hakimo, itaje kifungu, nawe ukifungue kifungu hicho katika mkataba wako mwenyewe. Usitegemee kijitabu cha matangazo wala maneno ya wakala. Soma na kurasa za nyongeza zilizobandikwa nyuma, kwa maana mara nyingine kilichotolewa ukurasa wa tatu hurudishwa ukurasa wa kumi na mbili. Na barua ikisema tu “nje ya masharti ya bima” bila kutaja kifungu, andika uombe kitajwe.

Ule mkato wa asilimia 5 pia uko kwenye mkataba. Angalia unakatwa kwenye nini na una kima gani cha chini, kwa sababu mikataba haifanani.

Kabla ya kutia saini

Pamoja na barua huja karatasi ambayo watu wa bima huiita dischaji vocha. Mara nyingi ina maneno kwamba umepokea kiasi hicho kuwa malipo kamili na ya mwisho. Ukishaitia saini, mlango wa kudai zaidi unakuwa mwembamba sana. Kama una pingamizi kwenye mstari mmoja, andika barua ukiutaja mstari huo na ushahidi wako, kisha uombe ulipwe sasa kile ambacho hakina ubishi, kwa maandishi kwamba kupokea hakukufungi kuendelea kudai kilichobaki. Kampuni ikigoma, Tanzania kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyotokana na Sheria ya Bima ya 2009, na juu ya kampuni zote kuna Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Huko pia utaulizwa swali lilelile: ni mstari gani, na kwa kifungu gani?

Turudi kwenye jedwali mara ya mwisho. Kati ya alichodai na alichopata kuna pengo la shilingi 20,460,000. Milioni 6 ni faida aliyoihesabu mapema. Milioni 6.5 ni mali na mapato ambayo hayakuwa ndani ya mkataba. Uchakavu na asilimia 5 havifiki milioni 2. Milioni 6 nyingine ziliondoka kwa sababu alikata bima ya 60 huku mali ikiwa 80. Tuseme ada ilikuwa shilingi 3 kwa kila elfu: kuiongezea bima milioni 20 kungemgharimu shilingi 60,000 kwa mwaka. Hesabu mali yako kabla hujahuisha bima, wala usinakili tu kiasi cha mwaka jana.