Kwa Nini Seva ya Mchezo Huzimwa Siku ya Kuhama

Kikundi kinachocheza Minecraft kwenye seva yake chenyewe kikitangaziwa kwamba seva itazimwa kwa saa tatu ili ihamishiwe kwenye mashine mpya, wachezaji huuliza: kwa nini faili zisinakiliwe huku tukiendelea kucheza? Swali ni la haki, na jibu lake limo katika namna mchezo unavyohifadhi kumbukumbu.

Seva haiandiki kila kitu kwenye faili moja. Ardhi, nyumba na masanduku hugawanywa katika faili nyingi, kila moja ikibeba eneo la mraba lenye upande wa bloku 512. Vitu alivyobeba mchezaji huandikwa kwenye faili yake mwenyewe. Isitoshe, mabadiliko hukaa kwanza kwenye memori ya mashine, kisha huandikwa kwenye diski baada ya muda.

Tuchukue mchezaji mwenye almasi 30 sandukuni. Saa 8:10 usiku, programu ya kunakili inapita kwenye faili ya eneo lile na kuzikuta almasi 30 zimo ndani ya sanduku. Saa 8:12 mchezaji anazichukua zote. Saa 8:20, seva ikiwa imeshaandika mabadiliko hayo, programu inaifikia faili ya mchezaji na kumkuta ana almasi 30. Nakala sasa ina almasi 60. Mpangilio ukigeuka, faili ya mchezaji ikatangulia kunakiliwa, almasi zote hutoweka. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea, kwa kuwa kila faili, ikitazamwa peke yake, ni nzima.

Kwa nakala ya akiba ya kila siku, msimamizi anaweza kukwepa tatizo hili bila kumtoa mtu yeyote. Husimamisha uandishi wa diski kwa muda, hunakili, kisha huurudisha:

```
save-off
save-all flush
save-on
```

Kunakili hufanyika kabla ya amri ya tatu. Lakini siku ya kuhama njia hii haitoshi, kwa sababu chochote kitakachojengwa kwenye mashine ya zamani baada ya kunakili kitabaki huko. Ndiyo maana msimamizi huandika `stop`: seva huhifadhi yote yaliyomo kwenye memori, kisha hufunga.

Muda wa kuzima unaweza kukadiriwa. Dunia ya gigabaiti 40 ikipita kwenye intaneti ya megabiti 100 kwa sekunde huchukua karibu dakika 55, endapo kasi haitashuka. Ongeza muda wa kufungasha faili, kuzifungua upande wa pili, na kuwasha seva kwa majaribio. Saa tatu si nyingi. Kabla ya kufungua, msimamizi huhakikisha kwamba mzigo umefika mzima kwa kutoa amri hii kwenye mashine zote mbili:

```
sha256sum dunia.tar
```

Majibu yakitofautiana hata kwa herufi moja, faili imepungua au imeharibika njiani na lazima itumwe upya.

Kuna mtego mwingine katika anwani. Jina ambalo wachezaji huliandika ili kuingia huelekeza kwenye namba ya mashine, na mitandao hukumbuka namba hiyo kwa muda uliowekwa na mwenye jina. Ukiwa sekunde 86,400, baadhi ya wachezaji wataendelea kupelekwa kwenye mashine ya zamani kwa siku nzima. Kwa hiyo muda huo hupunguzwa hadi sekunde 300, na jambo hili lifanyike siku moja au zaidi kabla ya kuhama. Mashine ya zamani isifutwe, lakini pia isiwashwe: ikiwashwa, kikundi kitagawanyika katika dunia mbili ambazo haziwezi kuunganishwa tena.

Tangazo zuri basi hutaja saa ambayo mchezo utafungwa, na hutaja siku bila utata: "usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, saa 8 usiku za Afrika Mashariki". Mchezaji wa Goma au Kigali ajue kwamba kwake ni saa 7.

Tena litaje saa ya mwisho ya kurudi nyuma. Kabla wachezaji hawajaingia kwenye mashine mpya, kurudi ya zamani hakumpotezei mtu chochote. Wakishacheza saa mbili, kurudi kutafuta kazi yao ya saa mbili. Kwa hiyo wachache waingizwe kwanza kwa nusu saa: wafungue masanduku yao, wahesabu walivyobeba, watembelee majengo ya mbali. Anayeona upungufu aseme hapo hapo, akitaja jina lake la mchezo na mahali alipo. Taarifa hiyo ikija kesho yake, msimamizi atalazimika kuchagua kati ya mali ya mmoja na kazi ya wote.