Kabla Zege Halijamwagwa: Nondo za Slabu Zikae Wapi

Zege hustahimili kukandamizwa, lakini likivutwa hupasuka upesi. Slabu iliyolala juu ya kuta mbili ikibeba watu na makabati hupinda kidogo kuelekea chini: uso wa juu unakandamizwa, uso wa chini unavutwa. Ndiyo sababu nondo kuu hulazwa chini, zikivuka chumba kwa upande wake mfupi, kisha juu yake hupitishwa nondo nyembamba zaidi za kusambaza mzigo.

Tuchukue chumba cha nyumba ya ghorofa huko Kigamboni, upana mita 3.6 na urefu mita 6. Slabu ina unene wa milimita 150, na mchoro wa mhandisi unataka nondo kuu za milimita 12 zikae kila milimita 200, yaani kutoka katikati ya nondo moja hadi katikati ya inayofuata. Hapo mwenye nyumba asiyejua hesabu za uhandisi bado ana la kukagua. Mita 6 zikigawanywa kwa milimita 200 zinatoa nafasi 30, kwa hiyo nondo lazima ziwe 31. Akihesabu 21, fundi amezitanua hadi milimita 300, na theluthi ya chuma kilichokusudiwa haipo.

Kuzibana mno nako kuna madhara. Kokoto za milimita 20 zinahitaji uwazi wa angalau milimita 25 kati ya nondo na nondo, la sivyo zinakwama juu na kuacha matundu chini yake. Kwenye slabu hili hutokea mara chache. Kwenye boriti nyembamba yenye nondo nne au tano chini, hutokea sana.

Kisha kuna kava, ule unene wa zege kati ya nondo na uso wa nje. Zege zima lina ualikali unaozuia chuma kushika kutu. Miaka inavyopita, hewa ukaa huingia na kuupunguza ualikali huo kuanzia nje kwenda ndani. Pwani, chumvi ya bahari huharakisha uharibifu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo hulisukuma zege mpaka likabanduka. Dalili ya kwanza ni nyufa au michirizi ya kahawia kwenye dari, imenyooka na kupangika kwa umbali uleule wa nondo. Ukigonga hapo kwa nyundo, mlio ni wa kitu chenye uwazi ndani.

Kwa slabu ya ndani, milimita 25 ndicho kipimo kilichozoeleka. Sehemu inayopigwa na upepo wa bahari huhitaji 40 au zaidi, na uamuzi huo ni wa mhandisi, kwa sababu kuinua nondo za chini bila kuongeza unene wa slabu kunapunguza nguvu yake. Nondo hushikiliwa juu ya mbao kwa vijibloku vya zege, ambavyo mafundi huviita biskuti, takriban kila mita moja. Kipande cha mti kitaoza. Kokoto iliyookotwa itateleza mara tu watu watakapoanza kukanyaga.

Kwenye kuunganisha nondo, tamaa ya kutumia vipande ndiyo huleta hatari. Nondo ya mita 12 hutoa vipande vitatu vya mita 3.85, vinavyotosha chumba chetu pamoja na sehemu ya kulala juu ya kuta. Hakuna haja ya kuunga nondo kuu hata moja. Lakini fundi mwenye mabaki ya mita 2.1 anaweza kupishanisha mawili kwa futi moja na kupata urefu uleule. Kosa hapo ni mawili. Waya wa kufungia hushika nondo zisihame tu; nguvu hupita kutoka nondo moja hadi nyingine kupitia zege linalozikumbatia, na kwa hilo mapishano hufanywa kwa kawaida mara 40 hadi 50 ya unene wa nondo. Kwa milimita 12, hiyo ni milimita 480 hadi 600. Futi moja haifiki hata 310. La pili ni mahali: kiungo kimeangukia katikati ya chumba, pale pale mvuto ulipo mkubwa kuliko kwingineko. Panapolazimu kuunga, viungo husogezwa mbali na hapo na kupangwa kwa kupishana, visikutane vyote kwenye mstari mmoja.

Baraza linaloning'inia nje ya ukuta hugeuza mpango wote, kwa kuwa hapo uso wa juu ndio unaovutwa na nondo kuu hukaa juu. Siku ya zege, wabeba ndoo huzikanyaga. Kwa unene uleule wa milimita 150 na kava ya 25, kitovu cha nondo kiko milimita 119 kutoka chini. Zikididimia milimita 40, karibu theluthi ya nguvu imeondoka. Kwa hiyo nondo za juu huwekewa viti vya chuma kilichokunjwa, njia ya kupita hutandikwa mbao zisizozigusa, na fundi nondo hubaki juu hadi zege la mwisho, akipima na kuinua zilizoshuka kabla halijaanza kukaza.