Kampani ya dhahabu ya Kibali: iko katika indeksi gani kubwa? Namna ya kusoma karatasi yake

Huko Durba, katika Haut-Uele, watu wengine wanasema mgodi wa Kibali ni wa kampani «ya FTSE 100» ya London. Wengine wanaapa kwamba ni ya «S&P 500» ya Amerika. Si maneno ya bure: mtu anayetaka kujua ni nani aandikiwe barua, au anayeombwa dola zake kwa jina la kampani kubwa, anahitaji jibu la kweli. Na jibu hilo linaweza kupatikana kwa telefone.

Kwanza, Kibali Goldmines yenyewe haiuzi hisa katika soko lolote la hisa. Ni kampani ya hapa, na wenyewe ni watatu: Barrick ina asilimia 45, AngloGold Ashanti nayo 45, na SOKIMO ya Serikali 10. Kwa hiyo tukitafuta jina «Kibali» katika indeksi, hatutaliona hata siku moja. Jina la kutafuta ni la mzazi. Hapa tuchukue Barrick, ambayo ndiyo inayoendesha mgodi.

Indeksi ni hesabu ya pamoja ya bei za hisa za kampani zilizochaguliwa. Anayeitengeneza anatoa karatasi fupi ya maelezo, kurasa chache tu, inayoitwa factsheet. Kwa S&P inatolewa upya kila mwezi, na inapatikana bila kulipa katika saiti ya S&P Dow Jones Indices.

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni tarehe. Hapo ndipo watu wa Durba wanapotea. Mgodi wa Kibali ulipoanza kutoa dhahabu mwaka 2013, aliyeuendesha alikuwa Randgold Resources, na Randgold ilikuwa kweli katika FTSE 100. Lakini mwanzoni mwa Januari 2019 Randgold iliungana na Barrick, ikatoka London. Karatasi ya mwaka 2017 haidanganyi, ila inasema mambo ya 2017.

Kitu cha pili ni maelezo ya indeksi, yale ambayo wengi wanaruka. Ya S&P 500 yanasema ni kampani kubwa za Amerika. Chini zaidi kuna fasi inayoonyesha nchi, na pale inaonekana United States peke yake. Barrick ni ya Canada, ofisi yake kubwa iko Toronto. Hisa zake zinauzwa New York, ndiyo, lakini kuuzwa New York si kuingia katika S&P 500. Tena, Barrick ilikuwa humo zamani! Julai 2002 S&P iliondoa kampani saba za nchi za nje kwa mara moja, na Barrick ilikuwa moja yao. Kwa hiyo anayesema «S&P 500» amechelewa zaidi ya miaka 20.

Basi iko wapi? Tufungue karatasi ya S&P/TSX 60, indeksi ya kampani kubwa 60 za soko la Toronto. Maelezo yanakubaliana na Barrick: ni ya Canada, na inauzwa Toronto. Sasa macho yanakimbilia jedwali lenye neno Constituents, maana yake kampani zilizomo. Hapa pole pole. Jedwali hilo linaonyesha 10 tu, zile zenye uzito mkubwa, na mara nyingi ni banki. Idadi ya zote imeandikwa kando: 60. Maana yake 50 zingine hazionekani. Barrick ikiwa katika 10, jibu ni ndiyo. Isipokuwa humo, karatasi haijasema hapana, imenyamaza tu.

Ili kuona zote, kuna njia rahisi. Kuna mifuko ya pesa inayonunua hisa zote za indeksi fulani, na inatangaza orodha yake nzima. Kwa S&P/TSX 60 ni mfuko wa iShares wenye alama XIU. Katika orodha yake, tusitafute kwa jina, juu majina yanabadilika: Barrick Gold imekuwa Barrick Mining mwaka 2025. Tutafute alama ya Toronto, ABX. Iko humo.

Alama nayo inadanganya asiyeangalia soko. New York, Barrick ilikuwa GOLD, na sasa ni B. Kwa hiyo mtu akileta ujumbe wa WhatsApp wenye neno GOLD na picha ya jedwali, aulizwe maswali mawili: hiyo ni ya soko gani, na ni ya tarehe gani?