Kumhamisha Mhusika Mwenye Mifupa kutoka Blender hadi Unity

Mhusika wa 3D aliyetiwa mifupa hutoka Blender akiwa faili la aina ya FBX. Ndani yake mna mwili, kiunzi cha mifupa na klipu za mienendo: kusimama, kutembea, kuruka. Programu hizi mbili hazipimi dunia kwa namna moja. Katika Blender mhimili wa Z ndio unaoelekea juu, ilhali katika Unity ni Y. Zote mbili huhesabu uniti moja kuwa mita moja, lakini FBX iliyo katikati yao kwa kawaida huhesabu kwa sentimita. Hapo ndipo namba 100 na 0.01 zinapojitokeza bila kualikwa.

Chukua mhusika mwenye urefu wa mita 1.75 aliyechongwa kwa sentimita, yaani uniti 175, kisha mchoraji akampunguza kwa kuweka Scale ya kiunzi kuwa 0.01. Kwenye skrini anaonekana sawa, ila mifupa yenyewe bado ni mikubwa mara mia. Dawa ni kuchagua kiunzi na mwili, kubonyeza Ctrl+A na kuchagua Scale, ili ukubwa unaoonekana uwe ndio ukubwa halisi na Scale isomeke 1.

Kazi hiyo ifanywe kabla ya kutengeneza mienendo. Tuseme nyonga imeagizwa kupanda uniti 5 katika hatua ya kutembea. Chini ya Scale ya 0.01 hizo zilikuwa sentimita 5. Ctrl+A huipunguza mifupa, lakini haigusi namba zilizokwisha kurekodiwa kwenye fremu, kwa hiyo uniti 5 zile sasa ni mita 5 na mhusika hurushwa angani kila anapopiga hatua. Mizunguko ya viungo husalimika kwa sababu pembe haina urefu. Ndiyo maana mikono na miguu hucheza vizuri huku mwili mzima ukipaa, na dalili hiyo pekee yatosha kutambua kosa.

Wakati wa kutoa FBX, sehemu ya kuangalia ni Apply Scalings. Ikiachwa kwenye All Local, mara nyingi mhusika hufika Unity akiwa na Scale ya 100. FBX All humfikisha akiwa na 1. Mzunguko wa -90 kwenye X ukionekana Unity, hauna madhara: mhusika huwekwa chini ya kitu kitupu, na msimbo ukakizungusha kitu hicho. Apply Transform inavutia kwa kuwa huahidi kuuondoa mzunguko huo, lakini Blender yenyewe imeitia alama ya majaribio, na huharibu viunzi na mienendo. Kwa mhusika mwenye mifupa iachwe imezimwa.

Mwelekeo wa mfupa ni jambo lisiloonekana hadi mhusika aanze kutumika. Katika Blender mhimili wa Y hufuata urefu wa mfupa, na Roll huamua X na Z zitazame wapi. Kiwiko cha kulia kikikunjika kwa X na cha kushoto kwa Z, msimbo unaozungusha mifupa utaukunja mkono mmoja ipasavyo na mwingine kando. Kwenye Edit Mode, Shift+N hupanga Roll upya, nayo Axes ikiwashwa huonyesha mihimili kwa macho. Hili nalo hutangulia mienendo, maana kila pozi hurekodiwa kwa kufuata mihimili ya mfupa. Anayetumia aina ya Humanoid katika Unity hupata nafuu kubwa, kwa sababu Unity huitafsiri mifupa kwa ramani yake ya mwili wa binadamu; wa Generic hana nafuu hiyo. Add Leaf Bones pia izimwe, la sivyo kila ncha ya kiunzi itaota mfupa wa ziada usio na kazi.

Klipu zinabaki. NLA Strips na All Actions zote huja zikiwa zimewashwa, na zikiachwa hivyo klipu hujirudia, pamoja na majaribio yaliyosahaulika. Njia safi ni kukisukuma kila kitendo kwenye NLA kwa Push Down, kukipa jina, na kuiacha NLA Strips peke yake. Simplify ikiwa 1.0 hupunguza fremu zilizorekodiwa, na nyayo zinaweza kuanza kuteleza sakafuni. 0 huzihifadhi zote.

Kwa mwendo wa sekunde moja katika kasi ya fremu 24, klipu huanza fremu ya 1 na kuishia ya 25, nazo mbili hizo zibebe pozi lile lile. Ikikatwa kwenye ya 24, mguu hushtuka kila mzunguko unapoanza upya. Ndani ya Unity, Loop Time huwashwa kwa klipu za kusimama na kutembea, si ya kuruka. Kisha mchemraba wa Unity, wenye mita 1 kila upande, huwekwa kando ya mhusika: wa mita 1.75 ataupita kwa robo tatu ya kimo cha mchemraba huo.