Dalali anataka umwachie nyumba peke yake? Yasome haya kabla ya kusaini

Unataka kuuza nyumba au kiwanja. Dalali anakuja na karatasi, anasema: "Niachie mimi peke yangu, usiwape madalali wengine, nitakuuzia haraka." Wengi husaini hapo hapo, kwa sababu karatasi ni moja na maneno ni matamu. Taabu huanza pale mnunuzi anapotokea kwa njia nyingine, au miezi inapopita bila mtu hata mmoja kuja kuangalia.

Karatasi hiyo ni mkataba wa dalali pekee. Kwa kawaida Tanzania mwenye mali huwaambia madalali watatu au wanne, na anayeleta mnunuzi ndiye anayelipwa. Kwenye mkataba huu unachagua mmoja tu, na kwa muda fulani unajifunga kutompa mwingine. Yeye naye anapaswa kujifunga kufanya kazi. Leo tunaeleza mambo manne ya kuangalia: muda, kazi atakayofanya, malipo yake, na namna ya kutoka mapema.

Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuchukulie mama mmoja ana nyumba katika mji mdogo wa wilaya, na anataka kuiuza kwa shilingi milioni 40. Amesaini mkataba wa miezi 6, kuanzia tarehe 1 Februari hadi 31 Julai, kwa kamisheni ya asilimia 5. Kufikia Mei hakuna aliyeletwa. Kisha jirani yake anamwambia, "Mama, mimi ninazo milioni 38 taslimu." Anamuuzia. Wiki inayofuata dalali anabisha hodi, anadai kamisheni yake.

Je, anastahili? Jibu liko kwenye sentensi moja ya mkataba.

Maneno mawili yanayofanana, maana mbili tofauti

Mkataba unaweza kusema: "Mmiliki hatatumia dalali mwingine." Hapo mama amezuiwa kutumia madalali wengine tu. Yeye mwenyewe akimpata mnunuzi, kama alivyompata jirani, anauza na dalali hana madai ya kamisheni.

Lakini mkataba unaweza kusema: "Kamisheni italipwa mali ikiuzwa kwa njia yoyote ndani ya muda huu." Hapo hata akimuuzia jirani au mdogo wake wa tumbo moja, dalali anadai. Asilimia 5 ya milioni 38 ni shilingi 1,900,000, kwa mtu ambaye hakuleta mnunuzi.

Ukikuta maneno "kwa njia yoyote" au "na mtu yeyote", simama hapo. Mwombe dalali aongeze sentensi hii: "Mmiliki akimpata mnunuzi mwenyewe, bila msaada wa dalali, hatalipa kamisheni." Akikataa kabisa, omba basi majina yaandikwe. Kama jirani au ndugu ameshawahi kuonyesha nia, jina lake liandikwe kwenye mkataba kuwa yeye hahesabiwi. Mama wa mfano wetu angeandika jina la jirani yake tangu Februari, asingedaiwa hata shilingi.

Muda: uwe na tarehe ya mwisho

Miezi 6 ni mirefu kwa mtu ambaye hujawahi kufanya naye kazi. Miezi 3 inatosha kumpima, na akifanya vizuri mnaweza kusaini tena. Mkataba uandike tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Usikubali maneno "hadi mali itakapouzwa", kwa maana mali inaweza isiuzwe miaka miwili na wewe bado umefungwa.

Angalia pia kama kuna sentensi inayosema mkataba utajiongeza wenyewe usipoandika barua ya kuukataa. Hiyo ifutwe. Muda ukiisha, uwe umeisha.

Kuna jambo moja ambalo dalali ana haki ya kulilinda. Tuseme tarehe 20 Julai anamleta mtu, anaionyesha nyumba, kisha mtu huyo ananyamaza. Mkataba unaisha tarehe 31. Tarehe 10 Agosti mtu yule yule anarudi kwa mama kimya kimya ili wagawane pesa ya kamisheni. Huko ni kumdhulumu dalali. Kwa hiyo mikataba mingi husema atalipwa hata baada ya muda kuisha kama mnunuzi ni mtu aliyemleta yeye. Kubali, ila kwa masharti mawili: kipindi hicho kiwe kifupi, kwa mfano siku 60, na dalali akukabidhi orodha ya majina ya aliowaleta siku mkataba unapoisha. Bila orodha, kila atakayenunua ataambiwa "huyo ni mteja wangu".

Kazi: ahadi ya mdomo haihesabiki

Wewe umempa dalali kitu kikubwa, yaani kuwazuia wengine. Yeye anatoa nini? Mkataba ukisema "atafanya kila jitihada", hajaahidi kitu unachoweza kukihesabu. Kesho ukimlaumu atakujibu kwamba amejitahidi.

Andikeni vitu vinavyoonekana kwa macho. Kwa mfano: bango litasimama kwenye nyumba ndani ya siku 7. Picha zitapigwa na kuwekwa mtandaoni ndani ya siku 10, nawe utatumiwa uzione kwenye simu yako. Tangazo la redio litasomwa mara kadhaa, idadi itajwe. Kila wiki mbili atakutumia ujumbe wa kukueleza waliopiga simu ni wangapi, waliokuja ni wangapi na walisema nini kuhusu bei.

Ujumbe huo wa kila wiki mbili una kazi kubwa. Kama watu 10 wamekuja na wote wamesema bei iko juu, tatizo ni bei. Kama hakuna aliyekuja kabisa, huenda tangazo halijafika popote. Bila taarifa huwezi kujua ni lipi kati ya hayo.

Andikeni pia nani analipia bango na matangazo. Kwa kawaida gharama hiyo huwa ndani ya kamisheni. Dalali anayetaka pesa ya "kufungua faili" kabla ya kufanya lolote, muulize pesa hiyo inanunua nini, na udai risiti.

Na hati yako halisi usimwachie. Nakala inatosha kumwonyesha mnunuzi.

Malipo: kiasi gani, cha bei ipi, na lini

Asilimia 5 ya bei gani? Mama alitaka milioni 40, akauza milioni 38. Mkataba useme kamisheni itahesabiwa kwenye bei iliyolipwa kweli, siyo iliyotangazwa. Tofauti hapa ni shilingi 100,000.

Kisha kuna "cha juu". Dalali anakwambia, "Wewe sema unataka ngapi mkononi, nitakachopata juu ni changu." Mama anasema milioni 40. Dalali anamwambia mnunuzi milioni 46. Ikiuzwa, milioni 6 ni zake, mara tatu ya milioni 2 ambazo angepata kwa asilimia 5. Na isipouzwa, mama hatajua kwamba wateja walikimbizwa na bei ambayo si yake. Mkataba uandike wazi kwamba hakuna cha juu, na kwamba kila bei anayotoa mnunuzi italetwa kwako kama ilivyo.

Swali la lini ndilo linaloumiza zaidi. Wengine huandika kwamba kamisheni inalipwa "mnunuzi akipatikana". Fikiria mnunuzi amepatikana, lakini mume wa mama yule hakuridhia kuuza nyumba ya familia, au warithi wengine wamekataa. Nyumba haikuuzwa, na bado dalali anasema kazi yake alimaliza. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inasema malipo ya wakala hayajadaiwa mpaka kazi ikamilike, ila mkataba ukisema vingine, mkataba ndio unaofuatwa. Kwa hiyo andikeni: "Kamisheni italipwa baada ya mmiliki kupokea pesa." Kama mnunuzi analipa kwa awamu, kamisheni nayo ifuate awamu.

Na kabla ya kusaini, mwenzi wako na warithi wenzako wawe wamekubali. Kwa ardhi ya kijiji, zungumza kwanza na halmashauri ya kijiji. Usimfunge dalali kwenye mali ambayo huna ruhusa ya kuiuza.

Kutoka mapema

Je, mama angeweza kumwachisha dalali kazi mwezi Aprili alipoona hakuna kinachofanyika? Sheria inamruhusu mwenye mali kuondoa ruhusa aliyompa wakala ambaye bado hajaitumia. Lakini kama mkataba ulikuwa wa muda maalumu na akauvunja bila sababu ya kutosha, anaweza kutakiwa kumfidia. Anatakiwa pia kutoa taarifa mapema inavyostahili.

Ndiyo maana ahadi za kazi zinapaswa kuwa na siku na idadi. Kama mkataba ulisema bango ndani ya siku 7, na siku 60 zimepita bila bango, mama ana sababu anayoweza kuionyesha. Kama ulisema "jitihada" tu, atabaki kubishana.

Andikeni njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni dalali akishindwa kutimiza ahadi: unamwandikia, unamtajia alichoshindwa, unampa siku 7 arekebishe, na asiporekebisha mkataba unaisha bila malipo. Ya pili ni wewe kubadili nia, labda kwa ugonjwa au familia kugeuka: unatoa taarifa ya siku 14, na unamrudishia gharama alizotumia kweli, kwa risiti, zisizozidi kiasi mlichokubaliana, tuseme shilingi 150,000.

Jihadhari na sentensi inayosema ukijitoa utalipa kamisheni yote. Kwa mama wetu hiyo ni milioni 2 kwa nyumba ambayo bado ni yake.

Taarifa ya kujitoa iwe ya maandishi yenye tarehe. Andika nakala mbili, dalali asaini yako kwamba amepokea. Akikataa kusaini, piga picha barua na umtumie kwa simu, na usifute ujumbe huo.

Mwisho, omba mkataba wa Kiswahili, ondoka nao nyumbani, na uulale nao usiku mmoja. Kama kuna msaidizi wa kisheria katika kata yenu, mpelekee ausome. Ukisaini, baki na nakala yenye saini za pande zote mbili. Dalali anayekwambia ni lazima usaini leo hii, mwambie arudi kesho.