Takataka za Lubumbashi: mvua inadanganya mashini

Wandugu, ili mashini itabiri takataka za Lubumbashi, tunaipa hesabu ya watu, mapato ya kila komini na majira. Shida iko kwenye kilo.

Mie mtu wa kilimo, naangalia maji kwanza. Kilo 10 zenye maji asilimia 60 zina kilo 4 kavu. Mvua ikipandisha maji hadi asilimia 70, zile 4 kavu zinapimwa kilo 13 na kitu. Hakuna aliyetupa zaidi, lakini mashini inaamini watu wameongeza theluthi.

Utajuaje? Hesabu ndoo. Kilo zikipanda na ndoo ni zilezile, ni maji. Msimu wa embe, ndoo pia zinaongezeka.

Basi, kausheni sampuli kila mwezi, mashini itabiri kilo kavu. Maji muyarudishe kisha, mukihesabu malori.